Karata za watu katika mtandazo wa mapenzi

Karata za watu ni karata 16 za taroti zenye picha za Mfalme, Malkia, Mpanda Farasi na Ghulamu, mmoja mmoja kwa kila rangi. Zikijitokeza nyingi katika mtandazo wa swali la mapenzi, wasomaji wa karata huziona kuwa ishara kwamba penzi hilo limeingiliwa: wazazi, mashangazi, mawifi, mashoga na marafiki wana neno ndani yake, na wawili wenyewe wanabanwa. Makala hii inafuata seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ikachapishwa London mwaka 1909 na kampuni ya Rider.

Taroti nzima ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni turufu, na 56 zimegawanyika katika rangi nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Mcheza karata wa pwani anazijua rangi hizo bila kujua kwamba anazijua. Majina yake ya kopa, shupaza, uru na pao yalitoka kwa Wareno, na kwao maneno hayo yana maana ya vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Ndiyo majina yatakayotumika hapa.

Wazo la kuhesabu karata za watu lina asili inayojulikana. Chama cha siri cha Mapambazuko ya Dhahabu, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliwafundisha wanachama wake kwamba zikizidi karata za watu, maana yake ni mkusanyiko wa watu wengi. Waite, aliyewahi kuwa mwanachama, aliweka katika kitabu chake orodha ya cheo kimoja kinaporudiwa: Wafalme watatu ni mashauriano, Malkia wanne ni mabishano makubwa, Malkia watatu ni udanganyifu wa wanawake, Malkia wawili ni marafiki wa kweli, Maghulamu watatu ni ugomvi. Orodha hiyo inaonyesha jinsi watu wanavyojazana kwenye jambo, lakini haifai kushikwa neno kwa neno. Malkia wa tatu akitokea, marafiki wawili wa kweli hawageuki kuwa waongo kwa sababu yake.

Swali la kwanza ni hili: nyingi ni ngapi? Katika mtandazo wa karata kumi, seti iliyochanganywa vizuri hutoa wastani wa karata mbili za watu. Tatu au zaidi hutokea karibu mara 33 katika kila mitandazo 100, kwa hiyo tatu peke yake si habari. Nne au zaidi hutokea mara 11 au 12. Tano au zaidi hazifiki mara tatu. Msomaji anayeona mama mkwe katika kila mtandazo wenye karata tatu za watu anasoma mazoea yake mwenyewe. Hesabu hii inasema pia kwamba hata tano huja kwa bahati tu mara moja moja. Ndiyo maana wingi huanzisha maswali, haupitishi hukumu.

Hatua ya pili ni kuwatoa wapenzi wenyewe. Karata ya mtu inaweza kuwa mwulizaji, mpenzi wake, mtu wa tatu, au hata tabia tu iliyojitokeza siku hizo. Waite alimchagulia mwulizaji karata kwa umri na kwa rangi ya nywele na macho: pao kwa wenye nywele za manjano na macho ya buluu, uru kwa wenye nywele nyeusi na macho meusi. Kwa kanuni hiyo karibu kila mtu wa Afrika Mashariki angekuwa uru, na karata zisingemtenganisha mtu na jirani yake. Njia inayofaa ni kutazama nafasi mtu anayoishika: nani anatoa fedha, nani anasema kwa ukali, nani anapeleka na kuleta maneno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke aliyechumbiwa anauliza kwa nini tarehe ya harusi inasogezwa kila mara, na karata zinatandazwa kwa Msalaba wa Kiselti. Katikati inatoka Mbili ya Kopa, mwanamume na mwanamke wakipeana vikombe. Juu yake, imelazwa kwa upana katika nafasi ya kizuizi, ni Malkia wa Shupaza. Juu ya msalaba ni Kumi ya Kopa, chini ni Sita ya Uru. Nafasi ya yaliyopita ina Mfalme wa Uru, ya yanayokuja ina Ghulamu wa Shupaza. Safu ya kando inaanza na Mbili ya Shupaza kwa mwulizaji mwenyewe, kisha Malkia wa Uru katika nafasi ya nyumba, Mpanda Farasi wa Pao katika matumaini na hofu, na mwisho turufu ya Haki.

Karata za watu ni tano. Wapenzi wamekwisha kuonekana katika Mbili ya Kopa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwatafuta tena kati ya hao watano. Nafasi ya nane, ambayo Waite aliipa nyumba ya mwulizaji na ushawishi wa watu wa karibu, ndiyo mlango wa usomaji huu, na ndani yake yumo Malkia wa Uru, ameinama akiitazama sarafu mapajani. Mfalme wa rangi yake yuko katika yaliyopita. Chini ya yote ni Sita ya Uru: mtu mwenye mizani mkononi anawagawia fedha waliopiga magoti. Shinikizo hapa halielekei kuwa chuki. Wazee wametoa, pengine kodi ya nyumba, pengine sehemu ya mahari, na aliyetoa anajiona ana haki ya kupanga tarehe.

Malkia wa Shupaza kwa Waite ni ujane na huzuni. Katika familia mara nyingi huwa shangazi au dada mkubwa aliyeumizwa na ndoa yake, naye anaonya kwa nia njema huku akichoma. Ghulamu wa rangi hiyo hiyo ni mchunguzi, rafiki au mdogo wa mtu anayebeba habari. Kwa kuwa wanashiriki rangi, inafaa kuuliza kama mmoja humpelekea mwingine. Mpanda Farasi wa Pao, ambaye maana zake ni kuondoka na kuhama, huenda si mtu kabisa: katika nafasi ya matumaini na hofu anaonekana zaidi kuwa wazo la wawili hao kuhamia mji mwingine, wazo wanalolitamani na kuliogopa. Mwulizaji mwenyewe amefungwa kitambaa machoni, ameshika panga mbili. Mizani ya Sita ya Uru inarudi mkononi mwa Haki mwishoni: hesabu ya kilichotolewa na kinachodaiwa lazima iwekwe wazi kabla tarehe haijatajwa tena.

Kosa linaloharibu nyumba ni msomaji kumtaja mtu: “Huyu ni mama mkwe wako, anakupinga.” Karata haina jina, na neno kama hilo halifutiki likishatoka. Msomaji mwangalifu huuliza kwanza, “Yupo mwanamke mwenye maneno makali anayewasemea?”, kisha hunyamaza. Mwulizaji asipomtambua mtu huyo, au akiwataja watano papo hapo kwa hasira, karata irudishwe kwenye maana ya tabia: huenda ukali wa Malkia wa Shupaza ni wa mwulizaji mwenyewe, au wa mchumba wake anaporudi kutoka kwao.

Mtandazo mwingine usifanywe siku hiyo hiyo ili kuhakikisha. Karata zitakazotoka zitakuwa nyingine, na idadi ya karata za watu huenda ikarudi kwenye mbili au tatu, bila ya shangazi yeyote kuondoka nyumbani.