Tiketi ni ahadi ya aliyekuuzia

Wadau, mtu wa Tukuyu akitaka kupanda ndege huenda Songwe, ng'ambo ya jiji la Mbeya. Uwanja ule ulifunguliwa Desemba 2012, na Novemba 2013 fastjet wakaanza kuruka kati yake na Dar. Nauli ilikuwa rahisi. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikawapa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuwafutia leseni, safari zikasimama. Swali nililosikia sana Rungwe: mbona mashirika mengine hayachukui tiketi za fastjet, wakati viti vipo?

Jibu lina historia. Mwaka 1947 chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilifungua London ofisi ya kulipana madeni baina ya mashirika. Enzi hizo tiketi ilikuwa kitabu cha kuponi, kuponi moja kwa kila safari. Safari ikivunjika, shirika lililokuuzia liliandika kwenye kuponi kwamba limeridhia usafirishwe na mwenzake. Huyo mwenzake alikusafirisha, akaikata kuponi, akaitumia kudai chake kupitia London. Kuponi ilifanya kazi kama hundi, na ile idhini ndiyo saini.

Sasa ona vizuizi. Kwanza, lazima mashirika yawe na mkataba wa kupokea tiketi za mwenzake. Bila mkataba, anayekubeba hana pa kudai, maana nauli yako iko kwa aliyekuuzia. Pili, hata mkataba ukiwepo, nauli za bei poa mara nyingi huandikwa `NONEND`, yaani tiketi haihamishiki. Shirika lililokuuzia linaweza kulegeza sharti hilo ndege ikiharibika, ila uamuzi ni wake. Tatu, hundi ya aliyefilisika hailipiki. Shirika likisimama kabisa, wenzake huacha kupokea karatasi zake mara moja.

Tangu Juni 2008 IATA iliachana na tiketi za karatasi. Kuponi siku hizi iko kwenye kompyuta, na shirika linaloishikilia lazima liiachie kwanza. Karani wa dirisha la pili anaweza kukuonea huruma kweli, lakini mfumo haumruhusu.

Tuchukue abiria wa Songwe–Dar kwa tiketi moja, na Dar–Nairobi kwa tiketi nyingine ya Kenya Airways. Ndege ya Songwe isiporuka, Kenya Airways hawadaiwi kitu. Kwao yeye ni mtu aliyechelewa. Safari zote mbili zingekuwa kwenye tiketi moja, mzigo wa kumpangia upya ungekuwa wa mashirika, si wake.

Kwa hiyo angalia tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Hizo zinakwambia nani ameshika pesa yako. Likitokea la kutokea, dirisha la kwanza kwenda ni la ndege iliyokwama, uombe wao wenyewe wakuhamishie. Na kama wamefunga virago? Hapo unadai kurudishiwa nauli, na safari unainunua upya.

Wewe ulikuwa na tiketi ile Desemba? Ulifikaje Dar?