Mahindi ya Songea na Noti za Hazina

Mkulima wa Mshangano, Songea, aliyekuwa akivuna mahindi katika miaka ya 1980 alikuwa na desturi ambayo wataalamu wa uchumi wangeweza kuitungia vitabu: akiisha kuuza gunia na kupokea noti zake, hakuziweka sandukuni hata wiki mbili, bali aliharakisha kuzigeuza bati, jembe, kitenge au mbuzi, na kile asichokuwa na haja ya kukiuza alikiacha ghalani kikiwa mahindi vilevile. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Alijua kwa kuona tu kwamba noti iliyolala ilipungua, ilhali mahindi yaliyolala, iwapo fukusi hawakuyafikia, yalibaki mahindi. Makala hii yahusu asili ya upungufu huo, ambao kwa sehemu kubwa ulianzia katika mahindi yale yale.

Kila dola inayotoa fedha hupata faida katika kuitoa, kwa maana noti ya shilingi mia hugharimu kiasi kidogo sana kuichapa, nayo hununua bidhaa za shilingi mia. Faida hiyo ni halali maadamu noti mpya zinaongezeka sawasawa na biashara ya nchi, kwa kuwa wanaoongeza shughuli huhitaji fedha zaidi mikononi. Walakini serikali ikitumia zaidi ya inavyokusanya, na Benki Kuu ikaijazia pengo hilo kwa fedha mpya, noti huwa nyingi kuliko vitu vya kununuliwa, bei hupanda, na kila mwenye akiba ya noti hujikuta amelipa kodi ambayo Bunge halikuipitisha na ambayo hakuna karani aliyekuja kuidai.

Nchini Tanzania njia ya kufikia hali hiyo ilikuwa ndefu, nayo ilipita Songea. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua kwamba mahindi yanunuliwe kwa bei moja nchi nzima, awe mkulima yu karibu na Dar es Salaam au yu Ruvuma, karibu kilomita 950 kutoka huko. Nia ilikuwa ya haki, na matokeo yake kwa mikoa ya kusini yalikuwa makubwa: Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa ikawa ghala la taifa, ikajulikana kwa jina la mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mnunuzi alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo watu wengi walilijua kwa herufi tatu tu, NMC, nalo ndilo lililobeba gharama ya kuyatoa magunia Songea kwa malori mpaka reli ya Makambako, safari ya kilomita zipatazo 300, kabla ya barabara ya lami kujengwa kwa msaada wa Uingereza katika miaka ya 1980.

Tuseme kwa mfano, ili hesabu iwe dhahiri, kwamba gunia lilinunuliwa Songea kwa shilingi 100, likagharimu shilingi 60 kulisafirisha, kulihifadhi na kulisaga, kisha sembe yake ikauzwa mjini kwa shilingi 110 kwa sababu serikali ilitaka mfanyakazi apate chakula cha bei nafuu. Hasara ni shilingi 50 kwa kila gunia, na kadiri mkulima wa Songea alivyojitahidi kulima zaidi, ndivyo shirika lilivyozidi kuzama. Lilikwenda Benki ya Taifa ya Biashara kukopa zaidi ya amana yake. Benki hiyo, ikijua kwamba nyuma ya shirika imesimama Hazina, ilikopesha. Na kwa kuwa akiba za wananchi hazikutosha kuyabeba madeni ya mashirika yote ya umma, mzigo uliishia Benki Kuu, ambayo peke yake yaweza kulipa kwa fedha isiyokuwapo jana. Kwa hiyo nakisi kubwa haikuonekana yote katika bajeti iliyosomwa bungeni. Sehemu nyingine ilikaa kimya katika vitabu vya mabenki.

Mambo mengine yalikuja juu ya hayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977; Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata, hata kuanguka kwa Kampala Aprili 1979, viligharimu fedha ambazo nchi haikuwa nazo; na mwaka huohuo mafuta yakapanda bei duniani. Serikali ilipambana na ughali kwa Tume ya Bei, na mwaka 1983 kwa msako wa wahujumu uchumi, lakini bidhaa zilizopangiwa bei zilitoweka madukani zikaibukia kwenye magendo. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na mwaka huo mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 36.

Ni vema kutazama maana ya asilimia hiyo. Shilingi 100 iliyofichwa mwaka mzima ilibaki na nguvu ya kununua kama ya shilingi 73 na nusu. Serikali yenyewe haikuokoka, maana kodi ya shilingi 100 iliyochelewa kufika Hazina kwa miezi sita ilikuja na thamani ya shilingi 86 hivi. Mapato yakapungua, nakisi ikaongezeka, na haja ya kuchapa ikarudi na nguvu zaidi. Hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Zaidi ya hayo, kila mtu anapofanya kama mkulima wa Mshangano na kukataa kukaa na noti, kile kinachotozwa kodi hiyo ya siri hupungua, na serikali hulazimika kuchapa kwa kasi zaidi ili kupata kiasi kilekile.

Jirani zetu wa Zaire waliufuata mzunguko huo hadi mwisho wake. Utawala wa Mobutu ulipotoa noti ya zaire milioni tano na kuwalipa nayo askari mwanzoni mwa 1993, wafanyabiashara waliikataa, na askari wakaasi na kupora. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Tanzania haikufika huko, lakini iliishi na mfumuko wa takriban asilimia 30 kwa muda mrefu, kwani hata baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986 mashirika na vyama vya ushirika viliendelea kukopa bila kulipa.

Kilichoukata mzunguko ni kuziba mlango wa nyuma. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 iliifanya bei tulivu kuwa wajibu wake wa kwanza. Serikali ya Mkapa ikaanza kutumia kila mwezi kile tu ilichokusanya. Na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Hatua hizo za ukali zilikuwa na machungu yake, kwa maana hospitali na shule zilisubiri fungu ambalo halikufika, lakini kufikia mwaka 1999 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Sheria ya mwaka 2006 inaendelea kuweka ukomo wa kiasi na wa muda kwa mkopo ambao Benki Kuu yaweza kuipa serikali. Basi msomaji, ukisikia kwamba mahindi yatanunuliwa kwa bei iliyo bora kuliko ya soko, furahi kama mkulima, kisha uliza kama raia: pengo la bei hiyo limeandikwa katika bajeti, au limeachwa katika daftari la benki? Likiandikwa, Bunge litalijadili; likiachwa, utalilipa wewe, noti kwa noti.