Jibu kwa mgeni aliyepotelewa na kitu chumbani (Nchelenge, Ziwa Mweru)

Jibu kwa mgeni aliyepotelewa ni maneno ya kwanza ambayo nyumba ya wageni humpa mteja anayesema kitu chake hakionekani chumbani. Hutangulia msako, taarifa ya polisi na mazungumzo ya fidia. Makala hii inaliangalia kama linavyohitajika katika loji na gesti za Nchelenge, mji wa Mkoa wa Luapula ulio ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru na uliopakana na Kashikishi.

Wageni wa hapa wana haraka. Wengi ni wachuuzi wa samaki, hasa chisense waliokaushwa, na baadhi yao huvuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto upande wa Kongo, wakiwa na fedha taslimu mwilini na Kiswahili mdomoni, ilhali mpokezi anazungumza Kibemba na Kiingereza. Mwisho wa Julai huongezeka wanaokwenda Mwansabombwe kwenye Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe, na vyumba hupangishwa mara tu vinapoachwa. Kwa hiyo malalamiko mengi hufika mgeni akiwa na mguu mmoja kwenye boti, au ameshavuka na anapiga simu kutoka ng'ambo.

Ugumu wa jibu unatokana na udogo wa nyumba. Katika hoteli kubwa ya Lusaka, ukisema "huenda mfanyakazi aliingia", maneno hayo hayamgusi mtu mahususi. Katika gesti ya vyumba vinane, aliyefanya usafi asubuhi ile ni mmoja, na mji mzima unajua jina lake na mtaa anaokaa. Sentensi hiyo hiyo inakuwa tuhuma ya wizi dhidi ya mtu anayejulikana, na ikiwa si kweli inaweza kugeuka kesi ya kashfa. Ndiyo sababu jibu zuri huzungumzia kitu, chumba na saa, na huacha watu pembeni hadi pawepo jambo la kuwauliza.

Tuhuma ya pili haisikiki kama tuhuma, nayo humwangukia mgeni. "Una uhakika ulikuja nacho?" na "Hapa haijawahi kutokea" yote mawili yanamwambia kwamba anadanganya au amechanganyikiwa. Swali linalofaa ni "Mara ya mwisho ulikiona wapi, na saa ngapi?" Halimshuku mtu, na majibu yake ndiyo yatakayoongoza msako. Nalo neno "kimeibwa" huachiwa mgeni. Akilisema, mpokezi halikani wala halirudii; anaandika "hakionekani".

Chukua mfano wa kubuni. Mama mfanyabiashara amelala usiku mbili katika chumba namba 6, ameondoka alfajiri, na saa tatu asubuhi anatuma ujumbe wa sauti kutoka Kilwa: bahasha yake ya kaki yenye kwacha 3,500 aliiweka chini ya godoro upande wa ukutani, mara ya mwisho aliiona jana usiku, na sasa haimo mkobani. Jibu linaweza kuwa hivi:

"Mama, pole sana. Nimekuelewa: bahasha ya kaki, kwacha 3,500, chini ya godoro upande wa ukutani, chumba namba 6, na uliiona mara ya mwisho jana usiku. Chumba hicho hakijapata mgeni mwingine, na nimekifunga sasa hivi. Mimi na meneja tunakwenda kukikagua pamoja, kisha tutapekua mashuka yaliyotolewa asubuhi. Nitakupigia 14:00, tukiipata au tusipoipata. Ukitaka kwenda polisi ni haki yako, na tutakuandikia yote tunayoyajua."

Maneno ya mgeni yamerudiwa ili arekebishe kama yamesikiwa vibaya. Chumba kimesemwa kimefungwa, na lazima kiwe kimefungwa kweli kabla ya ujumbe kutumwa. Saa imeandikwa kwa tarakimu za saa ishirini na nne kwa sababu anayehesabu Kiswahili husema saa nane pale ambapo anayehesabu Kiingereza husema saa mbili, na mgeni aliyekwisha kuingiwa na wasiwasi hatasubiri mkanganyiko huo uishe. Saa za pande hizi mbili za ziwa ni zile zile, kwa hiyo hapo hakuna la kufafanua. Fidia haikutajwa kabisa. Mpokezi hana mamlaka ya kuiahidi, wala ya kuikataa.

Msako hufanywa na watu wawili, na mmoja wao asiwe aliyesafisha chumba. Si kwamba anashukiwa. Kitu kikipatikana mikononi mwake peke yake, hakuna atakayemwamini. Hunyanyuliwa godoro, hufunguliwa mfuko wa godoro, hukung'utwa chandarua, hutazamwa nyuma ya kitanda na ndani ya ndoo ya taka. Furushi la mashuka ambayo hayajafuliwa ni muhimu kuliko vyote, maana vitu vidogo huondoka humo bila mtu kujua. Kisha hutazamwa daftari la funguo. Wafanyakazi wote wa zamu huulizwa swali moja, kila mmoja peke yake: "Asubuhi ulitoa nini chumba namba 6, na ulikipeleka wapi?" Kupekua mikoba yao ni kosa ambalo wenye gesti hulifanya wakidhani wanampendeza mteja. Upekuzi wa namna hiyo ni kazi ya polisi.

Saa iliyoahidiwa ikifika bila kitu kupatikana, simu hupigwa vilevile. Jibu la pili hueleza palipotafutwa, waliotafuta na kinachofuata: mgeni atoe taarifa polisi, na gesti itoe maelezo yaliyoandikwa yenye namba ya chumba, saa za kuingia na kutoka, na matokeo ya msako. Madai yote ya fedha humwendea mwenye nyumba. Hapa ndipo bango la ukutani, "Hatuhusiki na mali ya mgeni", hutajwa haraka mno. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo Zambia iliirithi, tangu kesi ya Calye ya mwaka 1584 ilimbebesha mwenye nyumba ya wageni dhamana nzito ya mizigo ya mgeni, isipokuwa, kwa mfano, pale hasara ilipotokana na uzembe wa mgeni mwenyewe. Uingereza ilipoipunguza dhamana hiyo mwaka 1863, iliweka kikomo cha pauni 30 na ikamtaka mwenye nyumba abandike tangazo lenye maneno ya sheria. Bango la kujitungia halina nguvu hiyo, na kulisoma kwa sauti mbele ya mtu aliyepoteza mtaji wake kunaongeza hasira tu.

Katika mfano wetu bahasha inapatikana ndani ya mfuko wa godoro, ilimopenya kupitia zipu iliyokatika. Fedha zinahesabiwa mbele ya watu wawili na kupigwa picha kabla ya simu. Mpokezi anasema "Tumeipata, ilikuwa ndani ya mfuko wa godoro", hasemi "Ulisahau". Kisha anauliza nani aje kuichukua. Kuikabidhi kwa mwendesha boti yeyote kwa sababu "anamjua mama" ni kuanzisha upotevu wa pili. Mgeni ataje jina la mjumbe kwa sauti yake mwenyewe katika ujumbe unaohifadhiwa, mjumbe aje na kitambulisho, ahesabu, atie saini kwenye daftari, na mpokezi amtumie mama picha ya ukurasa huo kabla boti haijang'oa nanga.