Safu ya Lugha: Mende Asiyekuwamo

Hapa Mabawe, mpaka wa Burundi ukiwa jirani, Kifaransa husikika mara kwa mara, na wanaokitafsiri si wachache. Kwa hiyo inauma kusoma "j'ai le cafard" ikiwa imegeuzwa kuwa "nina mende". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba nyumba inahitaji kupuliziwa dawa, kumbe msemaji ameishiwa raha.

Ni kweli cafard ni mende. Lakini kamusi za Kifaransa hulirudisha neno hilo kwenye kāfir ya Kiarabu, ndiko sisi tulikotoa kafiri. Kwanza lilimtaja mnafiki wa dini, kisha mdudu anayekimbia mwanga. Maana ya unyonge wa moyo iliingia katika karne ya 19, na aghalabu hutajwa mshairi Baudelaire kuwa ndiye aliyeieneza.

Sasa tuseme nini? Wengi hukimbilia majonzi au simanzi. Hayo ni mazito mno, ni ya msibani. Kihoro nacho kina chanzo chake: mtu amepoteza kitu au mpendwa. Cafard huja bila sababu kubwa, labda Jumapili jioni mtu akiwa peke yake, na kesho huondoka. Basi "j'ai le cafard depuis ce matin" naiandika "nimenyong'onyea tangu asubuhi", au kwa mazungumzo, "tangu asubuhi sina raha tu". Hiyo "tu" ya mwisho isiachwe, maana ndiyo inayobeba ule ukosefu wa sababu.