Kupamba hesabu

Kupamba hesabu ni kuzipanga taarifa za fedha ili faida au mizania ionekane bora kuliko hali halisi. Mbinu ya kawaida ni kuwahisha mauzo. Tuseme duka la jumla la vitambaa huko Kuze, Mombasa, linapeleka kwa wateja mzigo wa shilingi 900,000 tarehe 30 Desemba, kwa makubaliano kwamba wataurudisha Januari wakishindwa kuuuza. Mzigo uligharimu 600,000, basi faida ya mwaka inapanda kwa 300,000 na hakuna hata senti iliyoingia.

Dalili hujitokeza upande wa wadaiwa: deni lao hukua haraka kuliko mauzo, na fedha taslimu za shughuli hubaki chini ya faida mwaka hadi mwaka. Bidhaa zilizorudishwa Januari ndizo ushahidi mzito zaidi, na mkaguzi makini huanzia hapo.

Hesabu zinaporekebishwa ghafla, hilo nalo ni onyo. Chase Bank ya Kenya ilirekebisha hesabu zake za 2015, mikopo kwa watu wa ndani ikaonekana mikubwa zaidi. Aprili 2016 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu.