Kipofu wa Gulioni na Wimbo wa Lazaro

Mjini Kharkiv, Ukraine, kuna mnara uliosimamishwa mwaka 1997 kuwakumbuka kobzari, waimbaji vipofu waliotembea vijijini. Kila wanapotajwa, kisa ni kilekile: mzee asiyeona anaketi gulioni, anaanza wimbo wa dini, na wachuuzi wananyamaza. Wengi hukisimulia kama muujiza.

Mtafiti Natalie Kononenko, katika kitabu chake cha 1998, anatuonyesha kazi ya watu. Mtoto kipofu asiyeweza kulima alipelekwa kwa fundi, akakaa naye kama miaka mitatu akijifunza nyimbo kwa sikio, pamoja na lugha ya siri ya chama. Bila idhini ya chama hakuruhusiwa kuimba. Wenzake waliweza kumpokonya ala yake.

Nami naamini ala ilifanya nusu ya kazi ya kunyamazisha soko. Wengine walipiga kobza ya nyuzi, lakini wenzao walikuwa na lira: gurudumu la mti lililopakwa utomvu wa msonobari, linazungushwa kwa mkono mmoja, likisugua nyuzi bila kupumzika. Sauti yake huvuma kama mzinga wa nyuki, haina pengo ambalo mpiga bei angeingiza neno lake.

Nusu ya pili ilikuwa kuchagua wimbo. Mshairi Taras Shevchenko, katika kitabu chake cha 1840, alimchora mzee kipofu aitwaye Perebendia, anayebadili nyimbo kwa kadiri ya wasikilizaji. Akifika sokoni huimba Lazaro. Si bahati tu. Ni habari ya maskini aliyelala mlangoni pa tajiri akingoja makombo, na baadaye mambo yakageuka ahera. Mwimbie hiyo mtu aliyetoka kuuza ng'ombe, pesa bado zi mkononi, uone kama ataendelea kupiga kelele! Warusi hata leo husema mtu "anaimba Lazaro" anapolialia shida zake ili apewe.

Mwaka 1902 mwandishi Hnat Khotkevych aliwapandisha jukwaani wazee hao kwenye kongamano la wanaakiolojia hapo Kharkiv, wasomi wakawapigia makofi. Huko sokoni, polisi walizoea kuwafukuza.

Halafu ndipo ugomvi. Kumbukumbu zilizochapishwa 1979 kwa jina la mtunzi Shostakovich zilieneza habari kwamba vipofu mamia walikusanywa miaka ya 1930 kwa hila ya kongamano, wakapigwa risasi. Hati ya tukio hilo haijaonekana, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Khotkevych mwenyewe alipigwa risasi 1938. Hilo halina ubishi. Wala njaa ya 1932 na 1933 haina ubishi, iliyowaua mamilioni ya wanavijiji, walewale waliokuwa wakitia kipande cha mkate katika mfuko wa kipofu.