Kisanduku cha Sabuni cha Mashine ya Kuoshea Vyombo: Hitilafu Zake

Kisanduku cha sabuni ni kijishimo chenye kifuniko kilicho upande wa ndani wa mlango wa mashine ya kuoshea vyombo. Kazi yake ni kuihifadhi sabuni ikiwa kavu wakati mashine inasuuza vyombo kwa mara ya kwanza, kisha kuiachia uoshaji wenyewe unapoanza. Kisipofunguka, au kidonge kisipoyeyuka, vyombo hutoka na mafuta na kidonge hukutwa kizima au kimebaki uji mzito.

Hitilafu hizi mbili zina vyanzo tofauti, na njia ya kuzitenganisha ni kuangalia katikati ya kazi. Washa programu ya kawaida, subiri nusu saa hivi, fungua mlango kidogo mpaka mashine inyamaze, kisha mvuke ukipungua ufungue wote. Kifuniko kikiwa bado kimefungwa, huenda programu haijafika hapo, kwa hiyo funga mlango uangalie tena baada ya dakika kumi. Kikiendelea kufungwa, tatizo ni la kifuniko. Kikiwa wazi na kidonge kimelowa na kuganda mahali pake, tatizo ni la maji.

Kifuniko kilichokwama mara nyingi kimezuiwa na chombo. Sinia pana au ubao wa kukatia ukisimamishwa mbele ya kapu la chini huegemea mlango unapofungwa. Komeo huachia kwa wakati wake, lakini kifuniko hakina nafasi ya kwenda. Mwisho wa kazi mlango unapofunguliwa, kifuniko kinafunguka chenyewe, na mwenye mashine anadhani kilifunguka tangu mwanzo. Dawa ni kuhamishia vyombo virefu nyuma au pembeni.

Chanzo kingine ni sabuni iliyokauka kwenye mpira wa kifuniko na kwenye komeo. Hutokea kidonge kinapowekwa kisanduku kikiwa na unyevu. Loweka sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji ya moto, sugua kwa mswaki laini, kausha kabisa, kisha bonyeza komeo kwa kidole. Kifuniko kizima huruka au huteleza bila kusita. Kikijikokota baada ya kusafishwa, springi imechoka au kifuniko kimepinda.

Kikifunguka vizuri kwa kidole lakini si kwa mashine, chunguza kifaa kinachovuta komeo. Kipo nyuma ya bamba la mlango, na huwa koili ya sumaku ya umeme au kikopo cha nta inayotanuka ikipashwa moto. Chomoa plagi kabla ya kufungua skrubu yoyote. Koili ikipimwa kwa multimita na kuonyesha kwamba umeme haupiti kabisa, imekatika. Koili ikiwa nzima, angalia nyaya zinazopita kwenye bawaba, kwa kuwa hukunjwa kila mlango unapofunguliwa.

Upande wa maji, anza na mikono inayonyunyiza: izungushe kwa mkono uone kama inagonga chombo, na uzibue matundu yake kwa kijiti. Safisha kichujio cha chini na kile kidogo kilicho kwenye bomba la kuingizia maji. Programu fupi za nusu saa nazo ni mtego, maana vidonge vingi vinataka muda na joto zaidi. Humo sabuni ya unga inafaa zaidi.

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hutegemea tangi, na hapo kuna chanzo ambacho vitabu vya mashine hukigusa juu juu. Mashine nyingi zinahitaji msukumo wa angalau baa 0.5. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban baa 0.1. Tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya mashine hutoa baa 0.3 tu. Katika baadhi ya mashine maji hujaa nusu, pampu huvuta hewa na kunguruma, na mikono hunyunyiza kwa unyonge. Kidonge hulainika juu huku chini kikibaki kigumu. Kupandisha maji hadi mita 5 ndicho kiwango cha chini kabisa; pampu ndogo ya kuongeza msukumo ni suluhisho la uhakika zaidi.

Wengine hukwepa usumbufu wote huu kwa kutupa kidonge sakafuni mwa mashine. Kwenye programu yenye suuzo la kwanza, sehemu kubwa ya sabuni humwagwa pamoja na maji hayo machafu, na uoshaji wenyewe hufanyika kwa sabuni kidogo mno. Kukuta kidonge sakafuni katikati ya kazi, kifuniko kikiwa wazi, si hitilafu; kimeanguka na kinaendelea kuyeyuka.

Kifaa cha kuvuta komeo kikifa, kwa kawaida hununuliwa kisanduku kizima. Visanduku hutofautiana hata katika mashine za kampuni moja, hivyo nenda dukani na namba ya modeli iliyobandikwa kwenye ukingo wa mlango.